Pumu: Muuguzi anavyopima ukali wa shambulio na kumwandaa mgonjwa kurudi nyumbani

PUMU ni maradhi ya mirija ya hewa. Kwa mtu aliye nayo, kuta za mirija hiyo huwa na uvimbe wa kudumu ambao humsumbua kidogo au hata asiuhisi kabisa kwa siku nyingi. Anapovuta vumbi, moshi au hewa ya baridi, ama anapopatwa na mafua, misuli inayoizunguka mirija hujikaza, uvimbe huongezeka na makamasi mazito huziba nafasi ndogo iliyosalia. Hewa huingia kwa shida na kutoka kwa shida kubwa zaidi. Hilo ndilo shambulio.

Mwanafunzi wa uuguzi anafaa kuyakumbuka mambo hayo mawili, misuli iliyojikaza na kuta zilizovimba, kwa maana kila moja lina dawa yake na muda wake. Salbutamoli huilegeza misuli kwa dakika chache tu. Uvimbe hauondolewi na salbutamoli. Huo huondolewa na dawa za jamii ya steroidi, nazo huchukua saa kadhaa kuanza kufanya kazi na siku kadhaa kuimaliza. Ndiyo sababu mgonjwa anaweza kuamka asubuhi akipumua vyema, akaruhusiwa kwenda nyumbani, kisha akarudishwa hospitalini usiku wa pili akiwa katika hali mbaya zaidi. Shambulio halikuwa limekwisha. Ni mlio wa kifua tu uliokuwa umenyamaza.

Makala haya yanafuata kazi ya muuguzi tangu mgonjwa anapofika hadi anapotoka, kwa kutumia mfano mmoja wa kufunzia. Viwango vinavyotajwa ni vya mtu mzima, na vinaafikiana na mwongozo wa kimataifa wa pumu unaojulikana kama GINA. Watoto wana viwango vyao, hasa vya kasi ya kupumua na vya dawa, na havifai kukisiwa kutokana na vya watu wazima.

Mgonjwa wa mfano

Ni usiku wa baridi mwezi wa Julai, katika hospitali ya kaunti kwenye nyanda za juu. Mwanamke wa miaka 26, mfanyakazi wa kinu cha kusaga unga wa mahindi, anafikishwa na mumewe kwa bodaboda. Ameketi ukingoni mwa kitanda, ameinama mbele na kuegemeza mikono magotini. Muuguzi anamuuliza, "Dada, ulianza kubanwa lini?" Naye anajibu, "Jana... sista... jioni..." Baada ya kila neno anasita ili avute pumzi.

Kabla ya kifaa chochote kuguswa, muuguzi makini tayari amepata jibu la kwanza. Namna mgonjwa anavyozungumza ni kipimo cha kuaminika kisichogharimu chochote. Anayemaliza sentensi nzima bila kukatizwa na pumzi hana shambulio kali kwa sasa. Anayezungumza kwa vifungu vya maneno ana shambulio la wastani. Anayetoa neno moja moja ana shambulio kali. Asiyeweza kuzungumza kabisa, anayesinzia au aliyechanganyikiwa yu katika hatari ya kufa, na daktari anafaa kuitwa papo hapo.

Jinsi mgonjwa alivyokaa nako kunaeleza mengi. Mwenye shambulio la wastani hupendelea kuketi kuliko kulala lakini ametulia. Mwenye shambulio kali huinama mbele, hana utulivu, na misuli ya shingo yake huonekana ikivuta kila anapopumua. Muuguzi hapaswi kumlaza chali ili ampime kwa urahisi. Mgonjwa mwenyewe amekwisha kuchagua mkao unaomsaidia, na kumwondoa katika mkao huo ni kumwongezea dhiki.

Vipimo vinne

Baada ya kutazama na kusikiliza, muuguzi huchukua vipimo vinne. Cha kwanza ni idadi ya pumzi kwa dakika. Huhesabiwa kwa dakika nzima, wala si kwa sekunde 15 kisha kuzidishwa kwa nne, kwa sababu kosa dogo katika hesabu hiyo fupi huongezeka mara nne. Pumzi zinazozidi 30 kwa dakika huashiria shambulio kali. Cha pili ni mapigo ya moyo: kati ya 100 na 120 ni shambulio la wastani, na yanayozidi 120 ni kali.

Kipimo cha tatu ni oksijeni katika damu, kinachochukuliwa kwa kifaa kinachobanwa kidoleni. Mgonjwa anayepumua hewa ya kawaida akiwa na kiwango cha kati ya asilimia 90 na 95 yumo katika kundi la wastani. Akiwa chini ya 90 ni mgonjwa mahututi. Hapa pana tahadhari inayowahusu hasa wauguzi wa Afrika. Vifaa hivi hupenyeza mwanga kwenye ngozi, na utafiti umeonyesha kwamba kwa watu wenye ngozi nyeusi vinaweza kuonyesha kiwango cha juu kuliko kilichomo ndani ya damu. Rangi ya kucha, kidole chenye baridi na mgonjwa anayetetemeka pia huvuruga kipimo. Kwa hivyo, muuguzi akisoma asilimia 93 ilhali mgonjwa anazungumza neno moja moja, amwamini mgonjwa, asiamini kifaa.

Kipimo cha nne ni kasi ya pumzi inayotoka. Mgonjwa huvuta hewa hadi mwisho, kisha hupuliza kwa nguvu na kwa ghafla ndani ya kijibomba cha plastiki chenye mshale unaosukumwa na pumzi yake. Hupuliza mara tatu, na nambari ya juu zaidi ndiyo inayoandikwa. Nambari hiyo haina maana ikiwa peke yake. Sharti ilinganishwe na kiwango bora cha mgonjwa huyo akiwa mzima au, kikikosekana, kiwango kinachotarajiwa kulingana na umri, kimo na jinsia. Ikifika nusu ya kiwango hicho au ikiwa chini yake, shambulio ni kali. Hata hivyo, mgonjwa aliyezidiwa kiasi cha kutoweza kupuliza asilazimishwe. Kushindwa kwake ni kipimo tosha.

Mgonjwa wetu anapumua mara 34 kwa dakika, moyo wake unapiga mara 128, na oksijeni yake ni asilimia 89. Kitabu chake cha kliniki kinaonyesha kwamba alipokuwa mzima alipuliza lita 400 kwa dakika. Usiku huu amepuliza 180, yaani asilimia 45. Vipimo vyote vinne vinakubaliana na sauti yake: hili ni shambulio kali. Iwapo vipimo vingetofautiana, muuguzi angefuata kile kilicho kibaya zaidi wala hangetafuta wastani wake.

Kifua kinaponyamaza

Kosa moja limewapoteza hata wahudumu wenye uzoefu. Wengi hudhani kwamba ukali wa pumu hupimwa kwa ukubwa wa mlio wa filimbi kifuani. Mlio hutokea pale hewa inapopita kwa kasi ndani ya mrija mwembamba. Mrija ukizibika zaidi, hewa inayopita huwa haba mno kiasi cha kutotoa sauti. Kwa hivyo, mgonjwa ambaye kifua chake kilikuwa kikilia kisha kikanyamaza ghafla, ilhali bado anahangaika au ameanza kulegea, hajapata nafuu. Anaelekea kuishiwa na nguvu za kupumua.

Vivyo hivyo kuhusu kasi ya pumzi. Mgonjwa aliyekuwa akipumua mara 34 na sasa anapumua mara 18 amepata nafuu ikiwa anazungumza sentensi nzima na macho yake ni maangavu. Ikiwa anasinzia, misuli yake imechoka na huenda akaacha kupumua. Nambari ni ile ile, ila maana zake zinapingana. Kwa sababu hiyo, hakuna kipimo kinachoandikwa kwenye faili bila maelezo mafupi ya hali ya mgonjwa kando yake. Isitoshe, mgonjwa wa pumu anayehangaika hapewi dawa ya kumtuliza au ya usingizi. Mahangaiko yake yanatokana na kukosa hewa, na dawa hizo humwondolea juhudi iliyosalia ya kupumua.

Saa ya kwanza

Matibabu huamriwa na daktari au afisa wa kliniki, lakini aghalabu ni muuguzi anayeyatoa na kuyafuatilia. Mgonjwa wetu anawekewa oksijeni, ikidhibitiwa ili kiwango chake kifike kati ya asilimia 93 na 95. Anapewa salbutamoli kwa inhela iliyounganishwa na spesa, ile chupa ya plastiki inayoishika dawa kabla haijavutwa. Hupewa mipulizo kati ya 4 na 10, mmoja baada ya mwingine, na zoezi hilo hurudiwa kila baada ya dakika 20 katika saa ya kwanza. Kwa kuwa shambulio lake ni kali, ameongezewa ipratropiamu. Vilevile amemeza prednisoloni miligramu 40 mara tu alipoweza kumeza.

Tembe hizo za prednisoloni zisiahirishwe hadi itakapoonekana kama salbutamoli imeshindwa. Huchukua takribani saa nne kabla ya manufaa yake kuonekana, hivyo kila dakika inayopotea mwanzoni hulipwa usiku wa manane. Zikimezwa, hufanya kazi sawa na steroidi ya sindano, almuradi mgonjwa hatapiki.

Muuguzi hurudia vipimo vyote kila baada ya dakika 20. Si ajabu mapigo ya moyo yakabaki juu au mikono ikatetemeka kwa sababu ya salbutamoli yenyewe, na ndiyo maana mapigo peke yake hayatoshi kueleza maendeleo. Baada ya saa moja, mgonjwa wetu anapumua mara 24, mapigo yake ni 116, anapuliza lita 260 ambazo ni asilimia 65 ya kiwango chake bora, na anaweza kusema, "Sista, naomba maji ya kunywa." Sentensi hiyo moja ina thamani sawa na nambari zote zilizotangulia. Iwapo saa hiyo ingepita bila nafuu, angepaswa kuhamishiwa mahali penye wataalamu na vifaa vya kumsaidia kupumua.

Swali la mikebe

Mgonjwa anapoweza kuzungumza, muuguzi huuliza historia inayoonyesha ni nani aliye katika hatari ya kufa kwa pumu siku za usoni. Je, amewahi kulazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi au kuwekewa mashine ya kupumua? Amelazwa au kukimbizwa hospitalini kwa sababu ya pumu katika mwaka uliopita? Ana mzio wa chakula? Na muhimu zaidi kwa wagonjwa wengi wa Kenya: anatumia inhela ya aina gani, na mkebe mmoja humchukua muda gani?

Mgonjwa wetu anajibu kwamba hununua inhela ya buluu kwenye duka la dawa kila mwisho wa mwezi. Haoni ubaya wowote, kwa maana humsaidia. Muuguzi anafanya hesabu mbele yake. Mkebe una mipulizo 200. Ukiisha kwa siku 30, anatumia karibu mipulizo saba kila siku. Mwongozo wa GINA unaeleza kwamba mgonjwa anayemaliza mikebe mitatu au zaidi ya aina hiyo kwa mwaka yu katika hatari kubwa zaidi ya kupatwa na mashambulio makali, na anayefikisha mikebe 12 anakabiliwa na hatari iliyoongezeka ya kufa. Mgonjwa wetu amefikisha 12.

Dawa ya buluu si sumu. Tatizo ni kwamba humpa mgonjwa nafuu ya haraka kiasi cha kusahau uvimbe unaoendelea chini kwa chini. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka wa 2019 mwongozo huo haupendekezi tena mtu mzima au kijana mwenye pumu kutibiwa kwa salbutamoli peke yake. Sharti apate pia steroidi ya kuvuta, ama katika inhela yake ya kila siku, ama katika inhela moja iliyochanganya steroidi kama vile budesonidi na dawa ya kufungua mirija iitwayo fomoteroli. Historia hii basi ndiyo itakayoongoza yale atakayofunzwa kabla ya kuondoka.

Kumfunza kutumia inhela

Wagonjwa wengi hutumia inhela visivyo, na wengi wao huamini wanaitumia vyema. Kwa hivyo, swali la "Unajua kuitumia?" halina faida, kwa maana jibu lake ni "Ndiyo" karibu kila mara. Muuguzi humwambia mgonjwa, "Hebu dada, nionyeshe unavyoitumia nyumbani," kisha anatazama bila kumkatiza hadi amalize.

Mgonjwa wetu anaondoa kifuniko, anatia inhela mdomoni, anabonyeza mara mbili kwa mfululizo, kisha anavuta hewa kwa haraka na kuitoa mara moja. Wingu jeupe linaonekana likitoka puani. Hapo yamo makosa manne. Hakuitikisa inhela, hivyo dawa na gesi inayoisukuma havikuchanganyika sawasawa. Alibonyeza kabla ya kuanza kuvuta, dawa ikagonga koo. Alibonyeza mara mbili kwa pamoja. Tena hakuzuia pumzi ili dawa ipate nafasi ya kutua mapafuni. Wingu lile ni dawa aliyoinunua kwa jasho lake ikipotelea hewani.

Muuguzi huonyesha hatua moja moja kwa inhela ya kufunzia, akieleza sababu ya kila moja. Ondoa kifuniko na utazame kama mdomo wa inhela una uchafu. Tikisa. Keti wima au simama. Toa pumzi taratibu hadi iishe. Weka mdomo wa inhela katikati ya meno na ufumbe midomo kuuzunguka. Anza kuvuta hewa polepole kwa mdomo, na papo hapo bonyeza mara moja. Endelea kuvuta kwa utulivu kwa sekunde tatu hadi tano. Zuia pumzi huku ukihesabu hadi kumi, au kadiri uwezavyo. Ikiwa umeagizwa mpulizo wa pili, ngoja nusu dakika, tikisa tena, kisha uanze upya.

Anayeshindwa kuoanisha kubonyeza na kuvuta apewe spesa. Kwa spesa, mpulizo mmoja huingizwa ndani ya chupa, kisha mgonjwa hupumua kwa utulivu ndani yake mara nne hadi sita. Spesa ikikosekana au bei yake ikiwa kikwazo, chupa safi ya plastiki ya mililita 500 yaweza kutumiwa. Tundu lenye umbo la mdomo wa inhela hukatwa kwenye kitako cha chupa, inhela ikatiwa humo na mwanya wote ukazibwa kwa gundi au utepe, naye mgonjwa akavuta kupitia shingo ya chupa. Utafiti uliofanywa Cape Town, Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka wa 1999, ulionyesha kwamba kwa watoto wenye shambulio chupa iliyozibwa barabara ilifanya kazi sawa na spesa ya kiwandani. Siri ni kuziba; chupa yenye mwanya haikufanya vyema vile. Chupa au spesa huoshwa kwa maji na sabuni ya vyombo kabla ya matumizi ya kwanza na kila mwezi, kisha ikaachwa ikauke yenyewe. Haisuguliwi kwa kitambaa, kwa kuwa msuguano huifanya plastiki inase dawa kwenye kuta zake.

Kuna pia inhela za unga, ambazo hazina gesi. Hizo huvutwa kwa nguvu na kwa kasi, kinyume kabisa na inhela ya gesi inayovutwa polepole. Mgonjwa aliyepewa aina zote mbili hukanganyikiwa kwa urahisi, hivyo anafaa kufunzwa kila moja kwa wakati wake. Wala asifunzwe kwa rangi peke yake, maana rangi hubadilika kutoka kwa mtengenezaji mmoja hadi mwingine. Ajue jina la dawa na kazi yake.

Baada ya maelezo, mgonjwa hurudia mwenyewe hatua zote. Akikosea, muuguzi husahihisha na kumwomba arudie. Mgonjwa wetu alipata mara ya tatu. Hata hivyo, ustadi huu hufifia baada ya wiki nne hadi sita, kwa hivyo uchunguzwe upya kila anapofika kliniki.

Kabla ya kuondoka

Asubuhi, mgonjwa wetu amepuliza lita 320, yaani asilimia 80. Oksijeni yake ni asilimia 96 bila usaidizi, na hajahitaji salbutamoli kwa zaidi ya saa nne. Yuko tayari kwenda nyumbani, maadamu mambo machache yatimizwe.

La kwanza ni dawa mkononi. Anapewa prednisoloni ya kukamilisha siku tano, tembe zote zikimezwa kwa pamoja kila asubuhi, na anaelezwa kwamba asiziache siku ya pili kwa kuwa amejihisi mzima. Anaanzishiwa inhela yenye steroidi leo hii, si siku ya kliniki. Aelezwe kwamba haitampa nafuu ya papo hapo kama ile ya buluu, kwamba kazi yake huonekana kwa siku na wiki, na kwamba asukutue mdomo kwa maji na kuyatema baada ya kuitumia, asije akapata utando mweupe kinywani. Muuguzi aulize waziwazi kama familia itaweza kuinunua. Agizo la daktari lisiloweza kununuliwa ni karatasi tu, na ni heri dawa iliyo nafuu zaidi ichaguliwe pale pale kuliko mgonjwa aondoke na kurejea kwenye mkebe wa buluu.

Hapo ndipo hutokea pingamizi inayosikika mara nyingi. Mumewe anasema, "Sista, sisi tumesikia ukizoea hii inhela, mwili hauwezi kukaa bila hiyo." Muuguzi asimcheke. Amweleze kwamba inhela haimfanyi mtu kuwa mtumwa wake. Ni maradhi yanayoendelea, kama vile shinikizo la damu linavyoendelea kwa anayemeza dawa kila siku. Tena kipimo cha steroidi kinachovutwa ni cha mikrogramu, ilhali tembe ni za miligramu. Anayevuta kidogo kila siku hujiepusha na kumeza nyingi kila anapozidiwa.

La pili ni mpango ulioandikwa, katika lugha anayoisoma yeye na wanaoishi naye. Haufai kuzidi ukurasa mmoja. Huu hapa wa mgonjwa wetu:

Nikiwa mzima: navuta inhela ya steroidi kila siku kama nilivyoagizwa, hata bila dalili.

Nikianza kukohoa usiku, kubanwa na kifua, au kuhitaji dawa ya nafuu mara nyingi kuliko kawaida: nafuata nyongeza ya dawa iliyoandikwa na daktari hapa, na ninakwenda kliniki.

Nikishindwa kumaliza sentensi, au nafuu ikiisha kabla ya saa tatu, au pumzi yangu ikishuka chini ya lita 200: ninakwenda hospitalini mara moja, mchana au usiku. Njiani navuta dawa ya nafuu kwa spesa, mpulizo mmoja mmoja.

Mpango huu usomwe na mumewe pia, kwa sababu mgonjwa asiyeweza kuzungumza hawezi kujiombea gari.

La tatu ni vichochezi. Kumwambia mfanyakazi wa kinu aache kazi ni rahisi kwa mwenye mshahara. Muuguzi anauliza dalili huzidi lini, naye anajibu kwamba hupata nafuu siku za Jumapili kinu kikifungwa. Jibu hilo linaashiria vumbi la unga. Wanakubaliana aombe kazi ya kupima na kupokea pesa mlangoni badala ya kusimama penye mdomo wa mashine, afunike pua na mdomo kwa barakoa, na sakafu ifagiliwe baada ya kunyunyiziwa maji. Barakoa hupunguza vumbi tu, hailimalizi, kwa hivyo dalili zikiendelea suala hilo lirejelewe kliniki. Nyumbani, jiko la makaa litolewe nje. Aidha, aulizwe kama amewahi kubanwa baada ya kumeza aspirini au dawa za maumivu za jamii hiyo. Kama ndivyo, liandikwe kwenye kitabu chake.

La nne ni tarehe ya kurudi. Mtu mzima anafaa kuonekana tena kati ya siku ya pili na ya saba, na mtoto katika siku moja au mbili. Tarehe iandikwe kwa siku na saa, wala si "rudi ukihisi vibaya".

Mwisho ni hesabu ya mkebe. Inhela nyingi hazina kaunta, na gesi huendelea kutoka hata dawa ikiwa imekwisha, hivyo mgonjwa hudhani anavuta dawa ilhali anavuta upepo. Kuuelesha mkebe majini si kipimo cha kuaminika. Aandike kwenye mkebe tarehe aliyoufungua na tarehe utakapoisha. Mkebe wa mipulizo 120, ukitumiwa mipulizo minne kwa siku, huisha siku ya 30.

Maswali ya marudio

1. Mgonjwa aliyekuwa akipumua mara 36 kwa dakika sasa anapumua mara 16, na kifua chake hakilii tena. Ni mambo gani mawili utakayoyatazama kabla ya kuandika kwamba amepata nafuu?

2. Kiwango bora cha mgonjwa ni lita 450 kwa dakika. Amepuliza 210. Shambulio lake ni la kundi gani? Taja ishara nyingine mbili utakazozitafuta ili kuthibitisha.

3. Mgonjwa anamaliza inhela mbili za buluu kila miezi miwili. Anatumia wastani wa mipulizo mingapi kwa siku, na ni dawa gani inayokosekana katika matibabu yake?

4. Eleza kwa nini mgonjwa anayepumua vyema siku ya pili bado anahitaji kumeza prednisoloni hadi siku ya tano.